Kumi ya Dubai ni saa tatu ya Muleba

Nina duka la steshenari kando ya barabara inayotoka Muleba kwenda Biharamulo, upande wetu wa Kimwani. Naprinti, natoa fotokopi, naskani vyeti, na kwa asiye na simu ya maana namfungulia baruapepe yake. Tangu kazi za bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, zifike wilayani kwetu, na tangu vijana waanze kujiandikisha kwa mawakala wa ajira za Ghuba, swali linaloulizwa sana mbele ya meza yangu limebadilika. Zamani lilikuwa namna ya kuandika wasifu. Siku hizi ni hili: "Wameniandikia. Nijibu sasa hivi au nisubiri kidogo?"

Washauri hawakosekani. Kila aliyewahi kupata kibarua Mwanza au Dar es Salaam amerudi na kanuni yake, na anaitoa akiwa ameegemea mlango wangu huku mwenye ujumbe akimsikiliza kama anasikiliza daktari. Nyingi ya kanuni hizo ni uvumi tu. Moja ilimkosesha kijana wa jirani yangu usaili ambao alikuwa ameungoja miezi. Nitazijibu moja moja.

Inayopendwa kuliko zote ni hii: "Usipojibu ndani ya dakika tano, nafasi imekwenda."

Kuna ujumbe ambao kanuni hiyo inaufaa kabisa. Msimamizi wa kazi anaandika kwenye WhatsApp saa kumi na mbili jioni kwamba anataka wachomeleaji wawili wawe getini kesho saa moja asubuhi. Au tajiri wa basi anatafuta deiwaka kwa sababu dereva wake ameamka na homa. Hapo hakuna mchujo wala orodha. Anayejibu kwanza, na akawa na leseni, ndiye. Simu ikiwa imezimwa hadi usiku, usimlaumu mtu.

Lakini ujumbe wa kazi ya mkataba hauendi hivyo. Chukua afisa ajira anayetafuta mhasibu msaidizi wa kituo kimoja Bukoba. Anakusanya majina, tuseme ishirini, anawaandikia wote siku moja, kisha anakaa kungoja siku mbili tatu. Wanaojibu anawapigia simu fupi ya dakika kumi kila mmoja: unapatikana lini, una cheti gani, unatarajia mshahara wa kiasi gani. Katika hao anachagua wanne au watano, anapeleka majina kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara ana safari, ana vikao, anayasoma akipata nafasi. Aliyejibu kwa dakika tano na aliyejibu kwa saa tano wamo katika kapu moja. Anayepata hasara ni yule wa siku ya tano, kwa sababu orodha imeshatoka mezani kwa afisa na kuirudisha ni kazi ambayo hataki kuifanya.

Kwa hiyo kipimo changu kwa ujumbe wa namna hiyo ni siku ya kazi. Ukifika asubuhi, ujibu kabla ofisi hazijafungwa, na ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Ukifika alasiri, jibu kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Ukizidi hapo bado si mwisho wa dunia, ila siku ya tatu ndiyo mpaka.

Ubaya wa dakika tano ni kwamba hazimpi mtu nafasi ya kusoma. Nimeona ujumbe umeandikwa wazi kazi ni ya nini, iko wapi, na unauliza mambo matatu: daraja la leseni, tarehe ya kuanza, mshahara unaotarajiwa. Jibu lililotoka, mbele ya macho yangu, lilikuwa "Nipo tayari kaka, ni kazi gani?" Haraka hiyo imemwachia afisa kazi ya kuuliza upya yale yale, na mara nyingi haulizi. Kama kweli huna majibu yote pale pale, na ukaona uungwana kutoa taarifa kwamba ujumbe umefika, andika mistari miwili: "Nashukuru, nimepata ujumbe wako kuhusu nafasi ya udereva. Leseni yangu ni daraja E. Tarehe ya kuanza nitakujulisha leo kabla ya saa kumi jioni." Kisha saa kumi isipite. Ahadi ya saa ukiivunja ni vibaya kuliko kama usingeitoa.

Na kuna wanaoitaka hiyo haraka kwa makusudi. Ujumbe unaosema ujibu ndani ya nusu saa na utume elfu hamsini za fomu, au za vipimo, au za "kufungua faili", umeandikwa na mtu anayejua kwamba ukipata nusu siku utamuuliza mwenzako, na mwenzako atacheka. Mawakala wa ajira wanatakiwa kuwa na leseni, kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, na kazi za nje ya nchi zina mlango wake, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA. Kuuliza huko kunahitaji siku moja. Nafasi ya kweli inaweza kungoja siku moja.

Upande wa pili wa mlango wangu husimama wale wa kanuni iliyo kinyume: "Ukijibu upesi utaonekana una njaa. Waache siku mbili wakutafute."

Hii imetoka kwenye posa, si kwenye kazi. Mshenga akija mara ya kwanza hapewi jibu, hiyo ni heshima ya nyumba, na anajua atarudi. Afisa ajira si mshenga. Mbele yake ana jedwali lenye majina na safu ya pembeni: amejibu, hajajibu. Hakuna safu ya "anajiheshimu". Mshahara hupandishwa na unachosema siku ya kuulizwa mshahara, na cheti ulichonacho, na kama kuna mwingine anayekutaka. Siku mbili za kimya haziongezi hata shilingi.

Mahali pekee ambapo kuvuta muda kuna maana ni wakati barua ya ofa imefika. Hapo unajibu siku hiyo hiyo kwamba umeipokea, unataja siku utakayotoa jibu, kwa mfano Ijumaa mchana, na unakaa kuisoma: muda wa majaribio, nyumba, nauli, likizo. Kimya hakimo hata hapo.

Dai la tatu wanalipenda wazee: "Usimjibu mtu wa ofisi usiku, ataona huna adabu." Wanachanganya vyombo. Baruapepe ni barua: ukiitupa saa saba usiku inalala kwenye sanduku hadi asubuhi, na anayeifungua saa mbili haoni ubaya wowote, pengine hata haangalii imefika saa ngapi. WhatsApp na meseji ya kawaida ni kengele. Zinalia chumbani kwa mtu. Kwa hizo mimi husema zisitumwe kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa mbili usiku, isipokuwa mwenyewe amekuandikia usiku huo huo na mazungumzo yanaendelea. Simu ya kupiga, ndani ya saa za ofisi tu. Na kubipu, hapana. Ukikuta simu ya afisa uliyoikosa na huna salio, andika meseji useme utapatikana saa ngapi.

Tena usiku kwetu una sababu zake. Novemba, msimu wa senene, nusu ya kijiji iko macho chini ya taa hadi alfajiri, na kijana anayesubiri senene waanguke ana muda wa kuandika jibu zuri kuliko mchana akiwa shambani. Aandike. Akiona aibu ya saa, Gmail ina kitufe cha kupanga muda wa kutuma, kwenye simu nyingi kimeandikwa `Schedule send`: unaandika usiku, unachagua kesho saa mbili na dakika ishirini, unalala. Ila simu yako iwe na saa sahihi, na hapo ndipo tunapofika kwenye dai lililoleta hasara.

"Saa ni saa tu, kumi ni kumi."

Kijana ninayemsema ni mchomeleaji wa mabomba, mkono wake unasifiwa. Jumatatu moja alipata baruapepe kutoka kwa wakala aliyeko Dubai, akiitwa usaili wa video Jumatano. Akajibu ndani ya dakika tatu, kwa kanuni ile ya dakika tano, kwamba amekubali na atakuwepo. Jumatano saa tisa alasiri akaingia dukani kwangu, shati limepigwa pasi, nywele zimenyolewa. "Shikamoo, baba. Naomba kiti na mtandao, nina usaili saa kumi."

Nikafungua ujumbe. Uliandikwa hivi, na nauweka kama ulivyosomeka:

```
Wednesday, 10:00 AM (GST)
```

Tulibonyeza kiungo, hakuna aliyekuwepo. Tukaangalia simu yake: kulikuwa na simu mbili za WhatsApp alizozikosa, ya saa tatu na dakika nne asubuhi na ya saa tatu na dakika kumi na moja, zote kutoka namba inayoanza na +971. Aliziona baadaye akadhani ni matapeli. Zilipoingia, simu yenyewe ilikuwa inachajiwa kwa jirani, na yeye alikuwa shambani.

Hesabu yake ni fupi. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Saa zao, GST, ni saa nne mbele ya saa ya dunia. Za kwetu, EAT, ni tatu mbele. Kwa hiyo 10:00 ya Dubai ni 09:00 ya Tanzania. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, nayo bado iko kwa Kizungu. Hatua ya pili ni kuitia kwenye Kiswahili: toa sita. Tisa toa sita, saa tatu asubuhi. Yeye aliruka hatua zote mbili. Aliona 10 akasoma "saa kumi", na kwa kuwa saa kumi tunayoijua ni ya jioni, hata zile herufi AM hazikumsimamisha. Alikosea kwa saa saba, ingawa hakuchelewa hata dakika moja kwa saa iliyokuwa kichwani mwake.

Mtu atasema hilo ni kosa la asiyesoma. Si kweli, na nimewaona wenye shahada wakianguka kwenye lingine la aina hiyo hiyo: `12:00 PM`. Mmoja aliisoma kuwa ni saa kumi na mbili jioni. Ni adhuhuri, saa sita mchana. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na mtu anayetumia Kiswahili siku nzima huisoma tarakimu kwa Kiswahili kabla akili haijaamka. Matangazo yetu yenyewe yanaongeza utata: tangazo la Kiswahili likisema saa 2:00 asubuhi, la Kiingereza la kazi hiyo hiyo linasema 8:00. Yote mawili ni sahihi.

Kwa anayeandikiana na Muscat hesabu ni ile ile ya Dubai. Riyadh iko sawa na sisi, hakuna cha kutoa isipokuwa sita zetu. Nairobi na Kampala pia ni sawa, na huko hatari iko katika mazungumzo: Mkenya akikuambia kwa Kiswahili "saa nane" ana maana ya saa nane hiyo hiyo tuijuayo, kisha anakuandikia 2 PM. London ndiyo inayosumbua, kwa kuwa wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao tuko mbele kwa saa mbili, kipupwe kwa saa tatu. Usaili wa 10:00 London mwezi Julai ni saa sita mchana hapa. Mwezi Januari ni saa saba.

Na sisi watu wa Kagera tuna mtego wetu wa peke yetu. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Ngara karibu na Rusumo, au Kyerwa, simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kujirudisha saa moja nyuma bila kukuuliza. Mwenye usaili saa nne anaangalia simu, inasema saa tatu, anaagiza chai. Siku ya usaili weka saa ya simu kwa mkono, uchague Dar es Salaam au Nairobi, au sikiliza redio inasema nini.

Dawa ya yote haya ni sentensi moja katika jibu lako, na ndiyo sababu nasema jibu la dakika tatu lilimponza. Unapothibitisha, irudie saa kwa sehemu zote mbili:

```
Wed 10:00 Dubai (GST) = 09:00 Dar es Salaam (EAT)
```

Ukiiandika hivyo umelazimika kuihesabu. Ukikosea, afisa anaona kosa siku mbili kabla na anakusahihisha. Kijana wetu angeandika mstari huo Jumatatu, hata angeukosea, wakala angemwambia. Pale alipoandika tu kwamba atakuwepo, hakukuwa na kitu cha kusahihisha.

Nimsimulie hadi mwisho. Tulimwandikia wakala jioni ile ile, kabla ya giza, mistari minne: kwamba amekosa usaili, kwamba alisoma saa vibaya, kwamba kesho yuko huru kuanzia 09:00 ya Dubai, na samahani. Hatukutaja umeme wala mtandao, ingawa alitaka sana tutaje umeme. Jibu lilikuja asubuhi: nafasi za kundi hilo zimejaa, jina lake limebaki kwenye kundi lijalo. Sina la kuongeza hapo.

Dai la siku za mapumziko halihitaji maneno mengi. "Jumapili hawafanyi kazi, na ukipata ujumbe Jumapili ujue ni tapeli." Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na Saudia vivyo hivyo tangu mwaka 2013. Jumapili kwao ni kama Jumatatu yetu, ofisi zimefunguliwa na wanaandika. Falme za Kiarabu, ilipo Dubai, zilihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na Ijumaa serikali yao hufanya kazi nusu siku. Kwa hiyo ukitoka misa na kukuta ujumbe wa Muscat, ni wa kawaida, na ukiujibu mchana huo umeujibu ndani ya saa zao za kazi. Ukimwandikia huyo huyo Ijumaa usishangae akinyamaza hadi Jumapili. Kunyamaza kwake hakuna maana nyingine.

La mwisho ni la wale wenye kazi tayari: "Kama huitaki, kaa kimya." Kwenye LinkedIn, afisa anayemwandikia mtu asiyemfahamu hutumia ujumbe wa kulipia unaoitwa InMail, na anapewa idadi yenye kikomo kwa mwezi. Ukimjibu ndani ya siku 90, hata kwa kukataa, anarudishiwa ule aliotumia kwako. Ukinyamaza umeula. Mstari mmoja wa "nashukuru, kwa sasa sitafuti, niandikie baada ya Juni" unamrudishia mali yake na unakuacha na mtu anayekukumbuka kwa wema. Haina haraka, wiki nzima inatosha. Meseji zinazokuja kwa jina la kampuni badala ya namba ni jambo jingine: hizo hazijibiki hata ukiandika mara kumi, tafuta namba iliyotajwa ndani yake.

Duka langu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Mwenye ujumbe uliotaja saa aje nao kabla hajaujibu. Kuprinti nalipisha, kuhesabu saa ni bure.